Alama ya Mwalimu Kwenye Fomu Si Kipimo cha Uwezo Wake

Halmashauri inapotaka kupanga mafunzo ya walimu kazini, kwanza hutafuta ripoti ya tathmini ya mahitaji. Fomu husambazwa shuleni, walimu hujipa alama kuanzia 1 hadi 5 katika kila stadi, zikajumlishwa, na orodha ya vipaumbele ikapatikana. Mara nyingi TEHAMA inakaa juu, na hesabu za sehemu zinakaa chini kabisa. Orodha hiyo hutetewa kwa hoja kadhaa ambazo, ukizikagua, hazisimami.

Hoja inayosikika zaidi ni kwamba walimu wamesema wenyewe, na nani anajua shida yao kuliko wao? Kuhusu mazingira ya kazi, kweli hakuna. Kuhusu uwezo wa mtu, habari ni nyingine. Kukiri kwamba hujui kompyuta hakumwaibishi mtu. Wengi hawajawahi kupewa hata moja. Kukiri kwamba sehemu zinakushinda, ilhali umezifundisha miaka kumi, na fomu inapitia mezani kwa mwalimu mkuu, ni jambo zito. Isitoshe, asiyejua kosa lake hawezi kulitaja. Utafiti uliolinganisha nchi saba za Afrika, Kenya, Uganda na Tanzania zikiwemo, na kuchapishwa 2017, haukuwauliza walimu wanajionaje, uliwapa maswali. Wengi hawakumudu ipasavyo mambo ya darasa la nne, darasa wanalolifundisha.

Hoja ya pili ina sura ya kitaalamu: pengo limekokotolewa, kwa hiyo lenye namba kubwa litangulie. Kanuni inayotumika sana ilitolewa na Borich mwaka 1980: toa uwezo kwenye umuhimu, kisha zidisha tofauti hiyo kwa umuhimu. Tuchukue mfano wa kubuni. Walimu wa darasa la tano wanaipa TEHAMA umuhimu 4.0 na uwezo 1.8. Tofauti ni 2.2, ukizidisha kwa 4.0 unapata 8.8. Sehemu wanazipa umuhimu 4.8 na uwezo 4.3, kwa hiyo 0.5 mara 4.8 ni 2.4. Hesabu haina kosa. Kosa limo kwenye ile 4.3, ambayo ni maoni ya mtu juu ya nafsi yake.

Sasa wape walimu walewale karatasi yenye kazi ya mwanafunzi aliyeandika 1/2 + 1/3 = 2/5. Usiwaombe jibu sahihi, kwani wengi watakupa 5/6 bila taabu. Waulize mtoto huyu alifikiri nini, na wao wangemuuliza swali gani baada ya hapo. Mwalimu aliyeiva ataona kwamba mtoto amejumlisha kiasi kwa kiasi na asili kwa asili, kisha atamuuliza kipi kikubwa, 1/2 au 2/5. Mtoto akigundua kwamba jumla yake ni ndogo kuliko mojawapo ya namba alizojumlisha, atashtuka mwenyewe. Mwalimu mwingine ataandika "hajaelewa, arudie". Majibu ya namna hiyo yakiwa mengi, pengo halisi limeonekana, na limeonekana pale ambapo fomu ilisema hakuna shida. Karatasi kama hiyo haihitaji zaidi ya nusu saa, na ikikusanywa bila majina haimtishi mtu.

Kutoka hapo wengine huruka upande wa pili: basi walimu wapewe mtihani, yaishe. Hayaishi. Mtihani unapima anachokijua mwalimu akiwa peke yake, haupimi anachokifanya mbele ya watoto themanini. Anayepata alama zote anaweza kupita kipindi kizima akiuliza "tumeelewana?" na darasa likaitikia "ndiyooo". Hilo hulioni mpaka ukae nyuma ya darasa na daftari tatu nne za wanafunzi mkononi.

Imebaki hoja ninayoiona ya hatari kuliko zote, kwa kuwa ndiyo inayokula bajeti: kwamba kila upungufu dawa yake ni mafunzo. Mthibiti ubora akikuta mazoezi hayasahihishwi, ripoti huandika "walimu wanahitaji mafunzo ya upimaji". Lakini mwombe mwalimu mmoja asahihishe daftari tano mbele yako. Akizisahihisha vizuri, stadi anayo; kinachomshinda ni wingi wa daftari, na semina ya siku tatu haitazipunguza. Upungufu huo ni wa ikama ya walimu na ratiba, na uandikwe hivyo.

Kwa Tanzania, MEWAKA imerahisisha njia, kwa kuwa walimu hukutana shuleni kwao katika jumuiya za kujifunza. Karatasi ya 1/2 + 1/3 inaweza kuwa ajenda ya kikao kimoja, na majibu yake yakapelekwa wilayani pamoja na fomu. Afisa elimu anayeletewa ripoti yenye majedwali ya walimu kujipima wenyewe tu, bila kazi hata moja ya mwanafunzi ndani yake, airudishe kabla ya kuidhinisha fedha.