Bei ya 2,900 na Glasi ya Kati

Tuchukue mfano wa muuza juisi ya parachichi hapa Arusha: glasi ya mililita 300 kwa shilingi 1,500, ya 400 kwa 2,400, na ya 600 kwa 2,900. Ile ya kati imewekwa ili kubwa ionekane rahisi, kwani kila mililita 100 yake hugharimu shilingi 600, ilhali katika kubwa haifiki 500. Hapo hapana ghishi, maadamu ujazo umeandikwa kando ya bei na glasi zote tatu zinapatikana kweli.

Na hiyo 2,900? Jicho hutangulia kusoma elfu mbili. Basi sarafu za mia ziwepo. Mteja akiambiwa, “Chenji hakuna, chukua pipi,” bei yake ni 3,000.