Saizi 12 Haijapotea, Imejificha

Haya jamani, mmeniuliza sana tangu nilipogusia kwenye kipindi ile kadhia ya gauni. Leo naisimulia yote.

Mimi kabla ya mimba nilikuwa saizi 12, saizi ya Uingereza. Siku ya tano baada ya kujifungua, nimelala na mtoto kifuani, nikaagiza gauni la arobaini kwa simu. Saizi 12, kitambaa kigumu, zipu mgongoni. Nilijiambia, mtoto keshatoka, tumbo limebaki na nini? Gauni likaja wiki ya tatu. Zipu ilipanda mpaka kiunoni ikagoma. Nililia, na mtoto naye akalia, tukawa wawili.

Mama aliingia akanikuta. Akasema, "Mwanangu, mtu hajatoka arobaini anunue nguo ya zipu? Vaa dera lako."

Nilichokuwa sijakielewa ni hiki. Mtoto akitoka, mfuko wa uzazi haurudi udogoni mwake siku hiyo. Mara baada ya kujifungua, juu yake huwa karibu na kitovu, kisha hushuka kidogo kidogo, kama sentimita moja kwa siku. Kurudi kabisa huchukua wiki sita hivi. Misuli ya tumbo nayo imevutika ikaachana katikati, na nyonga zimepanuka kumpisha mtoto. Kwa hiyo kilo zinaweza kupungua haraka huku umbo likiwa bado.

Basi nikachukua tepu ya fundi. Unasimama wima, unapumua kawaida, hulivuti tumbo ndani. Unapima kiuno, halafu makalio pale yalipo mapana zaidi. Zamani kiuno changu kilikuwa sentimita 71 na makalio 97. Wiki ya tatu kiuno kilikuwa 88, makalio 104. Kwenye chati ya duka nililoagiza, makalio yangu yalikuwa kati ya 14 na 16, lakini kiuno kilisoma 18! Mwili mmoja, saizi mbili. Ndiyo maana mtu anavaa suruali inapita mapajani vizuri halafu kifungo hakifungi.

Nikajifunza kanuni moja. Nguo isiyovutika, nunua kwa kipimo kikubwa kuliko vyote. Nguo yenye mpira kiunoni, nunua kwa makalio, mpira utamalizana na tumbo. Nilichukua sketi ya mpira saizi 16 na shati refu linalofunguka mbele kwa ajili ya kunyonyesha. Nguo mbili tu, kwa sababu wiki ya kumi na mbili nilipopima tena, kiuno kilikuwa 80. Ningenunua kabati zima ningekuwa nimetupa pesa. Na suruali zangu za ujauzito? Nilizivaa mpaka mwezi wa pili, sioni aibu.

Sidiria ni habari nyingine. Maziwa hujaa kati ya siku ya tatu na ya tano, na matiti huvimba kuliko yatakavyobaki. Mimi nilinunua tatu siku ya nne. Wiki ya saba zote vikombe vikawa vinapwaya. Mwanzoni chukua laini mbili, zisizo na waya, maana kinachobana titi lililojaa kinaweza kuziba njia ya maziwa. Ijaribu ikiwa imefungwa kwenye kulabu ya nje kabisa, ile inayolegea. Mbavu zikirudi, utakuwa na nafasi ya kuikaza. Ukiona alama nyekundu zinazobaki muda mrefu baada ya kuivua, ni ndogo.

Na mkaja je? Mama alitaka kunifunga kanga tumboni kama alivyofungwa yeye Mombasa. Mkunga wangu hakukataa. Alisema kanga inashikilia mgongo na tumbo, inatuliza, ila haiyeyushi mafuta, na isikazwe. Ukikaza sana, mzigo unasukumwa chini kwenye misuli ya nyonga ambayo tayari imechoka. Ukisikia uzito huko chini au mkojo unachomoka, legeza, na umwambie mkunga. Waliojifungua kwa upasuaji, angalieni pia pindo la chupi na suruali lipite juu ya mshono, lisiukalie.

Siku ya arobaini nilivaa dera la kijani la Mama, nikajifunga kanga begani. Shangazi akaniuliza nimelinunua wapi.

Gauni nililirudisha dukani siku mbili kabla muda wa kurudisha haujaisha. Kwa hiyo wewe unayenisoma usiku huu unanyonyesha, lebo usiikate mpaka ukae nayo, uiname nayo, na unyonyeshe nayo.