Kodi: uliza kwa maandishi kabla ya kutia sahihi

Tangu Kongo ijiunge na Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2022, kufungua kampuni Nairobi ni wazo linalowavutia wafanyabiashara wengi wa mashariki. Wengi huuliza habari ya kodi kwa mdomo, kwa ofisa wanayemfahamu. Hilo ni kosa, kwa kuwa ofisa huyo akihamishwa, jibu lake linaondoka naye.

Tuchukue mfano. Kampuni ya Nairobi inataka kumtafutia mteja wa Butembo viwanda vya kununulia bidhaa, kwa malipo ya dola 100,000. Kazi inafanyika Kenya, lakini faida yake iko Butembo. Je, huduma hiyo imeuzwa nje ya nchi, ambapo TVA ni sifuri, au imetumika Kenya, ambapo ni asilimia 16? Swali hili limewafikisha wengi mbele ya mahakama za kodi. Wakaguzi wakija baada ya miaka 3 na kusema imetumika Kenya, kampuni itadaiwa dola 16,000, na riba ya asilimia 1 kila mwezi inaongeza dola 5,760, bila kuhesabu adhabu. Mteja wa Butembo amekwisha kulipa, hatakubali kuongeza.

Sheria ya Kenya ya taratibu za kodi ya mwaka 2015 inatoa njia ya kujikinga: uamuzi binafsi wa kodi. Kampuni inamwandikia Kamishna wa mamlaka ya mapato, KRA. Inaeleza mpango wote, inaambatanisha rasimu ya mkataba, inaandika swali lenyewe waziwazi, kisha inatoa maoni yake kuhusu namna sheria inavyopaswa kutumika. Kamishna anajibu kwa maandishi.

Jibu hilo linamfunga Kamishna, halimfungi mlipakodi. Lakini linamfunga kwa masharti mawili: kwamba kampuni ilisema ukweli wote, na kwamba biashara ilifanyika jinsi ilivyoelezwa. Kampuni ikianza baadaye kupokea na kuhifadhi mizigo ya mteja huyo Nairobi, jambo ambalo barua haikulitaja, kinga imepotea. Wala kampuni nyingine haiwezi kuitumia barua hiyo, hata ikiwa ni ya ndugu yake.

Kuchelewa nako kuna hasara. Swali likiwa tayari liko katika ukaguzi au katika pingamizi, Kamishna anaweza kukataa kulijibu. Anaweza pia kukataa ikiwa maelezo hayatoshi, au akiona mpango wenyewe hautatekelezwa.

Kwa hiyo barua iende mapema, mkataba ukiwa bado rasimu. Jibu likiwa baya, bei inaweza kujadiliwa upya na TVA ikaingizwa ndani yake. Baada ya sahihi, hasara ni ya kampuni peke yake.