Sheria mbaya inakufa kortini, lakini inaweza kufufuka

Bandugu wa Katuba, Kamalondo, Ruashi na Kampemba,

Kifungu cha 26 cha Katiba yetu ya 2006 kinasema mwenye kupanga maandamano anajulisha wakubwa kwa maandishi. Kujulisha, si kuomba ruhusa. Lakini dekre-loi namba 196 ya Januari 29, 1999, yenye kutangulia Katiba hii, inaacha wakubwa badai ruhusa kwa maandamano ya barabarani. Maandishi mawili yanagongana. Nani ataamua? Si gavana, si polisi, na Bunge haliwezi kujihukumu lenyewe. Ni Korti ya Katiba.

Korti hiyo haijianzishie kesi, inangojea mtu aipeleke. Kifungu cha 162 kinapatia haki hiyo mtu yeyote, hata sisi wenye diplome bila kazi. Mlango wa pili ni huu: ukihukumiwa kwa sheria ya namna hiyo, unasema pale pale kama haifuate Katiba. Tribinali inasimamisha kesi na kutuma swali Kinshasa. Korti ya Katiba ikikubali, kifungu cha 168 kinamaliza: maandishi hayo ni bure, na rufaa hakuna.

Banatuuliza: inasaidia nini? Tuangalie jirani, Uganda. Sheria yao ya polisi ilipatia mkubwa wa polisi nguvu ya kukataza mkutano akiona unaweza kuleta fujo. Muwanga Kivumbi aliishitaki 2005, na Mei 2008 Korti ya Katiba ikafuta kipande hicho. Bunge likafanya nini? 2013 likapitisha sheria mpya ya mikutano, na kifungu cha 8 kikarudisha nguvu ile ile kwa jina lingine. Mashirika ya haki za binadamu yakarudi kortini mwaka ule ule. Jibu likatoka Machi 2020: majaji bane kwa mmoja, nguvu ile ikaanguka tena.

Miaka zaidi ya sita ya kungojea, na wakati huo wote polisi walikuwa wakiitumia. Basi korti inafuta maandishi, lakini haina polisi wala nguvu ya kuzuia Bunge lisijaribu tena. Ni lazima mtu abaki macho.

Kwetu majaji ni 9: 3 wa Rais, 3 wa Bunge, 3 wa baraza la mahakimu. Mandat ni miaka 9, na hairudiwe, kusudi jaji asiwe na deni kwa mwenye kumuteua. Tuone kama kweli hana.

Tunaomba maavoka wa Lubumbashi bapeleke dekre-loi ya 1999 mbele yao. Na wewe, barua yako ya kujulisha, ichukulie muhuri wa kupokelewa. Ukikataliwa, omba jibu la maandishi, ulichunge. Kesi inajengwa na karatasi hizo.