dy/dx: Sehemu Isiyo Sehemu

Anayeanza kujifunza hesabu za viwango vya mabadiliko hukutana na alama mbili za jambo moja. Ya kwanza ni dy/dx, aliyoibuni Leibniz mwaka 1675 na kuichapisha mwaka 1684. Ya pili ni y′, yaani herufi yenye ritifaa, aliyoieneza Lagrange kwa kitabu chake cha mwaka 1797. Wapo walimu wanaoichukulia ile ya kwanza kuwa sehemu ya kawaida, na kuwaruhusu wanafunzi kufuta herufi juu na chini. Kwa maoni yangu, ruhusa hiyo haifai kutolewa bila kuonyesha mpaka wake.

Tuchukue y = x², mahali ambapo x ni 3. Tukiongeza x kwa 0.1, y huongezeka kwa 0.61. Tukigawanya ongezeko la y kwa ongezeko la x twapata 6.1. Tukiongeza x kwa 0.01 tu, twapata 6.01. Hizo ni sehemu halisi, zenye kiasi na asili. Kadiri ongezeko linavyopungua, majibu hukaribia 6. Hiyo 6 ndiyo dy/dx: ni kikomo cha sehemu hizo, wala si mojawapo.

Hata hivyo, kikomo hurithi baadhi ya tabia za sehemu zilizokizaa. Ikiwa y = u² na u = x³, basi

dy/dx = dy/du × du/dx = 2u × 3x² = 6x⁵

Jibu ni sahihi, kwani y ni x⁶. Hapa ritifaa peke yake ingetatanisha: je, y′ ni 2u au 6x⁵? Alama ya Leibniz hutaja wazi ni kitu gani kinachobadilika.

Hatari huja tunapotafuta kiwango cha pili, d²y/dx². Anayefuta herufi ataandika

d²y/du² × (du/dx)² = 2 × 9x⁴ = 18x⁴

Jibu sahihi ni 30x⁴. Zile 12x⁴ zilizopotea ni dy/du × d²u/dx², yaani 2x³ × 6x. Zimepotea kwa sababu du/dx yenyewe hubadilika pamoja na x, na kule kufuta hakukulihesabu badiliko hilo. Lau u ingekuwa 3x, kiwango chake kingebaki 3 daima, na kosa lisingeonekana kamwe. Ndiyo maana mazoezi mepesi hulificha.

Basi yafaa tuanze na f′(3), inayotaja mahali na isiyojifanya sehemu. Kisha tuilete dy/dx pale vigeugeu vinapokuwa vingi, na katika somo lilo hilo tumpe mwanafunzi u = x³ ajionee mwenyewe mahali ambapo kufuta hukoma.