Mama akitoka zamu ya usiku, mpe zawadi ya giza

Msomaji wetu mmoja wa Mbagala, Dar es Salaam, ameomba ushauri. Mke wake ni muuguzi wodi ya wazazi, anaingia saa 2 usiku na kutoka saa 2 asubuhi. Wana watoto wawili, mmoja yuko darasa la pili na mwingine ana miaka mitatu. Mwezi ujao mama huyo ana siku ya kuzaliwa, na kwa kuwa analalamika kusinzia kazini, baba amefikiria kumnunulia katoni ya vinywaji vya kuongeza nguvu.

Ndugu yangu, nia yako ni njema, lakini katoni hiyo iache dukani. Mkeo hasinzii usiku kwa sababu amekosa kinywaji. Anasinzia kwa sababu mchana halali vya kutosha. Zawadi itakayomsaidia awe macho saa 10 alfajiri, anapopima dawa ya mama aliyetoka kujifungua, ni ile itakayomlaza saa 4 asubuhi.

Mwili wa binadamu una saa yake ya ndani, na saa hiyo hurekebishwa na mwanga unaoingia machoni. Giza likiingia, ubongo huachilia homoni ya usingizi iitwayo melatonini. Mwanga wa asubuhi huizuia. Ndiyo maana mtu aliyekesha anaweza kufika nyumbani hoi, akalala saa mbili au tatu, kisha akaamka macho makavu huku bado amechoka. Hajashiba usingizi. Jua limemwamsha.

Pazia kwanza

Kwa hiyo zawadi ya kwanza ni pazia zito lisilopitisha mwanga. Ukifika dukani usitazame rangi tu, maana pazia jeusi jepesi bado hupitisha jua. Washa tochi ya simu, iweke nyuma ya kitambaa. Ukiona duara la mwanga upande wa pili, hicho kiache. Kama pazia mlilonalo analipenda, mpe fundi cherehani alitie bitana la kitambaa kizito.

Kinachoharibu mapazia mengi ni vipimo. Mwanga hauji kupitia kitambaa peke yake, hupenya pembeni na juu. Dirisha likiwa na upana wa sentimita 120, fimbo iwe na walau 160, ili pazia lizidi sentimita 20 kila upande. Fimbo ifungwe juu zaidi ya fremu, na kama kuna matundu ya hewa juu ya dirisha, pazia lianzie juu yake.

Kisha pima kazi yako. Saa 6 mchana ingia chumbani, funga mlango, kaa dakika tano macho yazoee, halafu nyoosha mkono mbele yako. Ukiweza kuhesabu vidole, tafuta mwanga unapotoka. Mara nyingi ni chini ya mlango, na khanga iliyokunjwa inatosha kuuziba.

Kwa wanaoishi chumba kimoja na watoto, pazia haliwezi kufungwa siku nzima. Hapo nunua kitambaa cha kufunika macho, kile chenye uvungu mbele ili kisigandamize kope.

Sasa, Dar es Salaam tunaijua. Chumba chenye pazia zito kinageuka tanuri. Kwa hiyo dirisha liachwe wazi nyuma ya pazia na feni iwashwe. Feni ina faida ya pili: mvumo wake usiobadilika hufunika kelele za ghafla, kama honi ya bodaboda au sufuria iliyoanguka jikoni. Kama umeme kwenu unakatika mara kwa mara, feni ya kuchaji ni zawadi nzuri kuliko saa ya mkononi. Na chandarua kishushwe hata mchana, kwa sababu mbu wanaoeneza homa ya dengue huuma mchana.

Kelele, mlango na simu

Vizibo vya masikio vya sponji ni vidogo na havina gharama kubwa, lakini wengi huvivaa vibaya kisha husema havifanyi kazi. Mwonyeshe hivi: anakiviringisha kati ya vidole mpaka kiwe chembamba, anavuta sikio juu na nyuma kwa mkono mwingine, anakiingiza, kisha anakishikilia kwa nusu dakika hadi kivimbe na kujaa. Sikio linalouma au kutoa usaha lisizibwe. Na asivae kama yuko peke yake na mtoto wa miaka mitatu. Lazima awepo mtu mzima mwingine anayesikiliza.

Hapo ndipo zawadi yako, baba, inapogusa familia nzima. Mwandikie kadi, na mtoto wa darasa la pili aichore: "Saa 4 asubuhi hadi saa 10 jioni mama amelala." Ibandikwe mlangoni. Halafu mpange nani anafanya nini katika saa hizo sita. Mdogo anakwenda kwa bibi au anacheza nje na dada. Mkubwa akirudi shule saa 8 mchana, anajua chakula kiko wapi na sare anaivulia wapi bila kuingia chumbani. Muuza maziwa na fundi bomba waambiwe waje jioni. Shangazi anayepiga simu saa 5 asubuhi aambiwe na wewe, siyo na mkeo.

Kwenye simu nyingi kuna sehemu iitwayo Usinisumbue. Iwashwe kwa saa hizo, na namba yako pamoja na ya shule ziruhusiwe kupita. Wengi huogopa kuzima simu kabisa kwa sababu ya watoto, na hofu hiyo yenyewe inatosha kumfanya mtu alale nusu nusu.

Chupa ndogo ya kahawa

Kahawa siyo adui. Tatizo ni saa inayonyweka. Kafeini huanza kufanya kazi ndani ya nusu saa hivi, lakini kuondoka kwake ni kwa taratibu. Kwa mtu mzima wa kawaida, baada ya saa tano hivi nusu yake bado imo mwilini. Kwa mjamzito, na kwa anayetumia vidonge vya uzazi wa mpango, hukaa muda mrefu zaidi.

Tumpigie hesabu mkeo. Kama kikombe chake cha mwisho ni saa 12 asubuhi, ili amalizie zamu vizuri, saa 5 asubuhi nusu ya kikombe hicho bado inamsukuma kitandani. Yeye anasema nyumba ina kelele, kumbe kelele nyingine ameibeba kutoka kazini. Akitaka kulala saa 4 asubuhi, kikombe cha mwisho kisipite saa 10 alfajiri. Hiyo inampa saa sita.

Kwa hiyo mnunulie chupa ya chai ndogo, ya vikombe viwili tu. Kikombe kimoja mwanzoni mwa zamu, cha pili kati ya saa 8 na saa 9 usiku, kabla ya ule muda mgumu wa alfajiri ambapo joto la mwili hushuka na macho huwa mazito. Ikiisha, imeisha. Baada ya hapo ni maji na uji. Vinywaji vya kuongeza nguvu vina kafeini hiyohiyo, na vingi vina sukari nyingi juu yake.

Usingizi wa kabla ya usiku wa kwanza

Usiku wa kwanza wa zamu ndio wa hatari. Mama ameamka saa 12 asubuhi kuandaa watoto, ameshinda na kazi za nyumbani, kisha anaingia kazini saa 2 usiku. Mwaka 1997 watafiti wa Australia walichapisha matokeo kwamba mtu aliyekaa macho saa 17 hufanya kazi kama aliyekunywa pombe hadi kufikia asilimia 0.05 kwenye damu. Kwa mkeo, saa 17 zinatimia saa 5 usiku, na bado ana saa tisa mbele.

Zawadi hapa ni wewe kuwachukua watoto mchana wa siku hiyo, kuanzia saa 8 hadi saa 9:30, naye alale. Kama utaratibu wa wodi unaruhusu mapumziko na kuna mwenzake anayeshika nafasi, mto mdogo wa shingo utamfaa kwa usingizi wa dakika 20. Asizidishe hapo, maana akizama sana ataamka amelewa usingizi. Hata akiamka vizuri, asubiri dakika kumi na tano kabla ya kupima dozi.

Mlinzi na dereva

Kwa mlinzi, pazia na chupa ndogo vinafaa vilevile, ila yeye halali lindoni, kwa hiyo usingizi wa mchana kabla ya zamu ndio akiba yake pekee.

Kwa dereva kuna tahadhari moja kubwa. Miwani ya jua humsaidia muuguzi anayerudi na daladala, kwa sababu humpunguzia jua la asubuhi linalofukuza usingizi. Lakini anayeendesha mwenyewe huku amechoka asiitumie kwa ajili hiyo. Yeye anauhitaji mwanga huo ufike nyumbani naye salama. Kufungua dirisha na kuongeza sauti ya redio hakuondoi usingizi. Akianza kuhama njia au kutokumbuka kilomita chache zilizopita, aegeshe mahali salama, anywe kahawa, alale dakika 15 hadi 20, kisha aendelee.

Usimnunulie yeyote kati yao dawa za usingizi bila daktari, wala piritoni kwa ajili ya kulala. Uzito wake unaweza kubaki hadi zamu inayofuata.

Baada ya wiki mbili utajua kama zawadi imefanya kazi. Atalala saa tano au sita mfululizo badala ya mbili, hatapitiliza kituo kwenye daladala, na siku ya mapumziko hatalala kutwa nzima kama mgonjwa. Akiwa analala saa za kutosha lakini bado anasinzia, tena anakoroma sana na pumzi kukatika usingizini, mpeleke kwa daktari.

Kama fedha inatosha kitu kimoja tu, nunua pazia. Lipime saa 6 mchana, na siku hiyohiyo mpigie simu shangazi.