Bei ya Mashine ya Kusaga

Muuzaji wa mashine ya kusaga hupenda kutaja faida ya mwaka mmoja mzuri. Daftari likionyesha faida ya shilingi milioni 14, 9 na 13 kwa miaka mitatu, wastani ni milioni 12. Tukizidisha mara 2.5, bei ni milioni 30. Lakini muuzaji mwenyewe alikuwa akisimamia kila siku bila kujilipa. Msimamizi wa 400,000 kwa mwezi angekula milioni 4.8 kwa mwaka, faida ingebaki milioni 7.2, na bei ya haki ni milioni 18. Muuzaji atajibu kwamba hata wewe utasimamia mwenyewe. Sawa, ila huo utakuwa mshahara wako, na hakuna sababu ya kumlipa yeye jasho lako. Kabla ya kutoa arubuni, linganisha daftari na risiti za luku za miaka yote mitatu.